Naomba ushauri: kurudishiwa pesa ya pawabenki yenye ujazo wa uongo

Habari wanajamvi. Pawabenki imenunuliwa mtandaoni kwa Sh 45,000. Tangazo na ganda lake vinasema 20,000mAh, lakini mita ya USB imesoma 4,100mAh tu hadi inazima.

Najua muuzaji atakimbilia wapi: namba ya kwenye ganda hupimwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, wakati USB hutoa volti 5. Ni kweli, 20,000 hushuka hadi 14,800, na upotevu wa njiani ukitoa tena, hubaki kama 12,000. Ila 4,100 haifiki hata nusu ya hapo, kwa hiyo utetezi huo haumwokoi.

Ujumbe nilioandaa ni huu:

"Oda ya tarehe 3, pawabenki ya 20,000mAh. Kipimo kimetoa 4,100mAh. Naambatanisha picha ya tangazo, meseji ya malipo na video ya kipimo isiyokatwa. Naomba Sh 45,000 zirudi kwenye namba iliyolipa ndani ya siku 7 za kazi. Sihitaji kubadilishiwa. Bidhaa ipo tayari kuchukuliwa, usafiri juu yenu. Muda ukipita, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani."

Nimekataa kubadilishiwa kwa sababu mzigo ni uleule, nyingine itakuwa hivyohivyo.

Ninapokwama: akitaka bidhaa kwanza ndipo alipe, mnakubali? Nawaza kukabidhiana ana kwa ana, pesa iingie palepale, maana bidhaa ikishaondoka ushahidi wenyewe umeondoka. Na Tume itajwe mapema hivi, au ingoje ujumbe wa pili?