Nimeandika maelezo ya bidhaa 150, bosi anataka nirudie zote bure!

Wakuu, nina hasira hata chai haishuki. Kuna jamaa ana duka la mtandaoni la vyombo, kanitumia faili la Excel lina bidhaa 420, bei yangu ni 2,000 kwa bidhaa moja akanibana mpaka 1,000 eti mzigo ni mkubwa, nikakubali kwa njaa zangu, akanipa 100,000 ya kuanzia. Nimemkabidhi 150 za kwanza, kimya wiki nzima, leo ananitumia sauti Wasapu kwamba nilivyoandika "utapika" yeye anataka "mteja atapika", vipimo viwe inchi sio sentimita, na kila maelezo yataje "sufuria bei nafuu Dar es Salaam" mara 5. Maelezo yenyewe yana maneno 80! Yaani inasomeka "Sufuria bei nafuu Dar es Salaam hii ni sufuria bei nafuu Dar es Salaam yenye mfuniko." Nani ananunua hapo?? Na 50,000 yangu anasema mpaka nirudie zote.

Fundi_Kalamu: Pole mkuu ila ulianza vibaya. Ukipewa 420 unaandika 10 kwanza, anakubali kwa maandishi, mnafunga hapohapo: wewe au mteja, sentimita au inchi, mfuniko au kifuniko. Akibadili baadaye ni kazi mpya, analipia. Halafu hizo 420 umezikagua? Sufuria moja yenye saizi 6 tofauti ni mistari 6 kwenye Excel.

Mwanzisha uzi: Nimehesabu sasa hivi, ni aina 70 tu, zilizobaki ni saizi na rangi 😭

Fundi_Kalamu: Sasa ungemchaji 70 bei kamili, 140,000, na hizo 350 labda 300 kila moja, maana unabadili lita na kipimo tu, hiyo ni 105,000. Jumla 245,000 na unamaliza mapema. Punguzo litoke pale kazi inapopungua, sio kwa sababu faili ni refu.

mtoto_wa_tandika: Angalia lakini, ukirudia maelezo kwenye saizi zote Google wanalifungia duka.

Fundi_Kalamu: Hawafungii kwa hilo, huwa wanachagua ukurasa mmoja wa kuonyesha. Wanachokataza ni huko kurundika neno lilelile mara 5. Weka kwenye jina la bidhaa na sentensi ya kwanza, basi.

dada_mauzo: Mi ni mwenye duka, nawatetea kidogo. Niliwahi kuletewa maelezo 200, huku "chuma cha pua" kule "stenlesi", wateja wakadhani ni vitu viwili. Kurudia muda mwingine ni lazima.

Mwanzisha uzi: Dada, ukosee wewe nirudie mimi bure?

Kipara77: Hiyo sufuria ya lita 10 bado ipo? Mbagala mnaleta?

Mwanzisha uzi: Kaka siuzi vyombo!!!