Tupeane uzoefu: ugomvi wa mzigo uliokufanya uanze kuandika ankara ya maana

Zuhura wa Vyombo

Habari zenu wote. Uzi huu ni wa wafanyabiashara wa sokoni tunaotanguliza mzigo, hela inafuata baadaye. Kila mwenye kisa cha ugomvi uliomfundisha kuandika vizuri, akilete. Mimi naanza na cha shangazi yangu. Anauza vyombo vya nyumbani na mimi ndiye msaidizi wake.

Mteja mwenye mgahawa alipiga simu akaagiza vikombe katoni 20. Vikombe vya aina hiyo vina saizi mbili, na katoni zake hazilingani: vikubwa vinakaa 24, vidogo vinakaa 36. Vidogo vilikuwa vimebaki katoni 8 tu. Shangazi akamwambia mteja, "Nitakuchanganyia," akajibiwa sawa, akaongeza katoni 12 za vikubwa. Karatasi iliyosindikiza mzigo ilikuwa na mstari mmoja tu, "Vikombe, katoni 20", na jumla ya pesa. Mlinzi akapokea, akaweka sahihi.

Siku ya kulipa mteja akagoma. Yeye alikuwa amepiga hesabu ya katoni 20 za vikombe 36, yaani vikombe 720. Vilivyofika ni 288 vikubwa na 288 vidogo, jumla 576. Akadai amepunjwa vikombe 144, dazeni 12 nzima. Shangazi naye alijua hajampunja, kwa sababu ile jumla ya pesa aliipata kwa kuhesabu vikombe 576, kila saizi na bei yake. Lakini hayo yote yalikuwa kichwani mwake. Ukiitazama karatasi, unachoweza kufanya ni kugawa jumla kwa 20, na jibu lake ni bei ya katoni ambayo mteja hakuwahi kutajiwa. Juu ya hapo kulikuwa na vikombe 9 vilivyovunjika, na hakuna aliyejua vilivunjikia wapi.

Walivutana muda mrefu. Mwisho shangazi alikubali kupunguza sehemu ya deni ili apate kilichobaki.

Aliyemfundisha kuandika ni mhasibu wa mteja huyohuyo. Alimwita pembeni akamwambia, "Mama, mimi nilitaka kukulipa, ila sina pa kulinganishia." Akachukua karatasi tupu, akapiga mistari, akauandika ule mzigo upya hivi:

Vikombe vikubwa: katoni 12, kila katoni pisi 24, jumla pisi 288, bei ya pisi moja, thamani ya mstari.
Vikombe vidogo: katoni 8, kila katoni pisi 36, jumla pisi 288, bei ya pisi moja, thamani ya mstari.

Juu aliweka namba ya ankara, tarehe, jina la mnunuzi, na nani aliagiza siku gani. Chini akaweka jumla kuu na tarehe ya mwisho ya kulipa. Shangazi bado ana karatasi ile. Nyie mlijifunzia wapi?

Mzee wa Ghala

Zuhura, ahsante kwa kisa hiki. Nimefanya kazi ya stoo hadi nikastaafu, na ugomvi mwingi nilioushuhudia ulikuwa wa namna hii hii. Mstari wa katoni unahesabu maboksi, mnunuzi anahesabu vilivyomo. Mhasibu huyo alimfundisha vizuri, lakini ile ni nusu ya kazi. Ankara inasema mnunuzi anadaiwa nini. Haithibitishi kwamba mzigo ulifika.

Kinachothibitisha ni hati ya kupokelea mzigo, ambayo ni karatasi nyingine. Inaorodhesha vitu vilevile na idadi zilezile, ila haina bei. Mpokeaji anahesabu, kisha anaandika kwa mkono wake idadi aliyoipokea, jina lake kamili, cheo, tarehe na saa, ndipo anaweka sahihi. Nakala moja inabaki kwake, nyingine inarudi kwa muuzaji. Sahihi peke yake bila jina ni mchoro tu. Miezi mitatu baadaye hakuna atakayekumbuka ni ya nani.

Mlinzi naye asaini kile alichokiona. Kama amehesabu katoni na hakuzifungua, aandike "katoni 20 zimepokelewa, yaliyomo hayajahesabiwa". Kwa maneno hayo hujamdai ushahidi asio nao. Na wewe kwenye hati yako weka muda wa kudai upungufu au uvunjikaji, mlioukubaliana kabla ya mzigo kuondoka. Vile vikombe 9 vingekuwa na pa kuanzia.

Kijana wa Muhuri

Yote hayo ni sawa, lakini mmesahau kitu kikubwa. Bila muhuri karatasi haina nguvu. Nilichonga muhuri na tangu hapo wateja wananiheshimu, hakuna anayebisha tena. Shangazi aanzie kwenye muhuri.

Mzee wa Ghala

Mwanangu, muhuri una faida. Unaonyesha karatasi imetoka kwako, na ofisi nyingi hazipokei karatasi isiyogongwa muhuri. Ila hebu chukua ile karatasi ya "Vikombe, katoni 20" uigonge muhuri, kisha uniambie ndani mna vikombe vingapi. Ugomvi wao ungebaki palepale. Kama wateja wako hawabishi, nadhani ni kwa sababu unaandika kwa ufasaha, na hilo ndilo la kutuonyesha hapa.

Kijana wa Muhuri

Kweli huwa naandika kila saizi mstari wake. Sikuwa nimeliona kama ndilo jambo lenyewe. Lakini muhuri siuachi.

Dereva wa Mizigo

Samahani, mimi si mwuzaji, ila naomba niingie. Mnamtaja mwuzaji na mnunuzi, mbeba mzigo hamumtaji. Niliwahi kupewa katoni zimefungwa, nikaambiwa ni 30. Nilipofika zikahesabiwa 29. Mwuzaji akasema alipakia 30, mpokeaji akasema amepokea 29, basi mwizi nikawa mimi. Nililipa kutoka mfukoni.

Sasa siwashi gari mpaka nihesabu mwenyewe wakati wa kupakia na mwuzaji aandike kwenye hati idadi ya katoni nilizokabidhiwa, mimi nisaini, na niondoke na nakala yangu. Kwa hiyo kwangu hati ina sahihi tatu: anayetoa, anayebeba, anayepokea. Wapo wanaoniona msumbufu. Kama katoni imeloa au imebonyea, hilo nalo tunaliandika kabla sijaondoka.

Mama Nakala

Mimi nauliza kuhusu risiti. Nilinunua jokofu, risiti yake ilikuwa ile karatasi laini ya mashine. Nimeitoa juzi nidai matengenezo, imekuwa nyeupe kabisa. Hiyo ankara mnayoisema ingenisaidia?

Zuhura wa Vyombo

Pole sana dada. Hapa tunazungumzia karatasi ya kudai malipo kabla hayajalipwa. Risiti ni ya kuonyesha umeshalipa. Ila la kufifia linatuhusu wote. Karatasi zile hufifia kwa joto na mwanga, kwa hiyo toa fotokopi au piga picha siku hiyohiyo. Jaribu kurudi ulikonunua na tarehe uliyolipa, pengine wana kumbukumbu kwenye mashine yao.

Nirudi kwa shangazi, maana kuna kisa cha pili. Baada ya somo alinunua kitabu cha ankara chenye namba zilizochapwa mfululizo na karatasi za kaboni. Mteja yuleyule aliagiza tena, safari hii katoni 20 za vidogo. Shangazi akaandika ankara namba 0014: katoni 20, pisi 36, jumla pisi 720. Mzigo ukafika na katoni 19. Mpokeaji akaandika kwenye nakala zote mbili za hati, "Zimepokelewa 19, imepungua 1", akaweka jina na sahihi.

Mimi nilitaka kufuta 20 niandike 19 kwenye ankara. Shangazi akanikataza, kwa sababu nakala ya juu ilikuwa imeshakwenda kwa mhasibu, na sasa tungekuwa na karatasi mbili zenye namba moja na idadi tofauti. Aliandika hati ya kupunguza deni: "Kwa ankara 0014, katoni 1 ya vikombe vidogo, pisi 36, haikufika", kwa bei ileile ya pisi. Mhasibu alizibana zote pamoja, ankara, hati ya kupokelea na hati ya kupunguza, akalipa vikombe 684 kwa tarehe iliyoandikwa. Katoni ya ishirini tuliikuta nyuma ya meza.

Mzee wa Ghala

Shangazi yako amekomaa. Nyongeza moja hapo kwenye kitabu: ukikosea kabla hujampa mtu, usichane ukurasa. Piga mstari wa kukata kwenye nakala zote, andika "imebatilishwa", ziache humo humo. Mkaguzi au mnunuzi akikuta 0021 inafuatwa na 0023 atauliza 0022 ilikwenda wapi, na hutakuwa na jibu. Halafu tumia kalamu ya biki na uikandamize, la sivyo nakala ya chini haisomeki.

Fundi Sare

Mimi nashona sare kwa oda. Shida yangu ni wateja wanaokataa kusaini. Ukimpa karatasi anasema, "Kwani huniamini?" Wengine ni watu wazima ninaowaheshimu, siwezi kubishana nao. Nimeanza kuwatumia orodha kwa ujumbe wa simu kabla sijapeleka: saizi, idadi, rangi, tarehe ya kulipa. Wakijibu "sawa", natunza ule ujumbe. Sijui kama inatosha.

Dereva wa Mizigo

Kwangu haitoshi. "Sawa" ya kabla ya safari inaonyesha alikubali oda. Haisemi alipokea ngapi.

Fundi Sare

Basi naweza kumtumia wa pili baada ya kukabidhi, "Umepokea sare 45", ajibu?

Mzee wa Ghala

Fanya hivyo, ni bora kuliko kukosa vyote. Ujumbe utaje namba ya ankara, na usiufute. Kwa mtu mzima asiyependa kusaini, mimi nilikuwa namwomba ahesabu pamoja nami kwa sauti kisha namkabidhi kalamu aandike idadi yeye mwenyewe. Wengi waliandika bila kinyongo. Wapo waliokataa hata hivyo, na hao sikuwahi kupata dawa yao.

Kijana wa Muhuri

Swali kwa Zuhura. Shangazi anaandika ankara kabla mzigo haujaondoka, au baada ya kupokelewa? Mimi naona baada, uandike 19 moja kwa moja, ile hati ya kupunguza usiihitaji.

Zuhura wa Vyombo

Kwa wateja wa karibu ameanza kufanya kama unavyosema. Hati inatangulia na mzigo, ankara inafuata idadi ikishajulikana. Lakini kuna mteja ambaye stoo yake haifungui mlango bila ankara kuambatana na mzigo, kwake lazima itangulie. Wapo wanaomshauri itangulie kwa wote, wanasema ikichelewa na siku za kulipa zinachelewa. Shangazi hajakubali. Wengine mnafanyaje?

Dereva wa Mizigo

Wangu wengi wananipa zote mbili kwenye bahasha, ankara ikiwa imefungwa nisione bei. Mimi naomba tu ile ya idadi iwe nje.