Kadi ya kifafa imeandikwa "amepewa ushauri", halafu binti anapewa valproeti ya miezi mitatu!

Mfamasia_Dirishani

Wadau, hili lazima lisemwe. Chukua kadi ya binti wa miaka 23, valproeti miligramu 500 asubuhi na jioni. Miaka miwili ya mahudhurio, na kila ukurasa maneno ni yale yale: "amepewa ushauri". Ushauri upi? Kaupokea kwa nani? Anatumia njia gani ya uzazi wa mpango? Kadi haisemi, na binti mwenyewe ukimuuliza anasema aliambiwa asiruke dozi, basi.

Alitakiwa aambiwe hivi, kwa Kiswahili cha nyumbani: katika kila watoto 10 waliokuwa tumboni mama akitumia valproeti, kama mmoja huzaliwa na kasoro kubwa ya mwili, mfano mgongo wazi, tundu kwenye moyo au mdomo sungura. Na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata shida ya ukuaji wa akili: kuchelewa kutembea, kuongea, kushindwa masomo. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Akikosa siku zake, wiki mbili zimeshapita. Akija kliniki ya wajawazito na mimba ya miezi mitatu, kwa upande wa mgongo hakuna tena cha kuzuia. Ndiyo maana mazungumzo haya ni ya kabla ya mimba.

Kuandika ni dakika tano. Hedhi ya mwisho lini, kipimo cha mimba cha leo kimetoa nini, njia anayotumia na tarehe inapoisha. Dawa gani mbadala ilijaribiwa, kwa dozi gani, kwa nini ilishindikana. Jina la aliyemshauri, sahihi ya mgonjwa, tarehe ya kurudia mazungumzo isiyozidi mwaka. Uingereza fomu ya kusaini kila mwaka ipo tangu 2018, na tangu Januari 2024 mgonjwa aliye chini ya miaka 55 haanzishiwi valproeti mpaka mabingwa wawili wakubaliane kuwa hakuna nyingine inayomfaa. Sisi hata mstari mmoja unatushinda?

Nesi_Mkongwe

Mkuu unakuza mambo. Sisi tunawapa foliki asidi miligramu 5, inazuia mgongo wazi.

Mfamasia_Dirishani

Dada, foliki wape, sikatai. Ila haijathibitika kuondoa madhara ya valproeti, na akili ya mtoto haiilindi. Ukiandika "kapewa foliki" ukafunga kadi, umemwacha pale pale.

Tabibu_wa_Wilaya

Mleta uzi yuko sahihi, ila tusikimbilie kubadilisha dawa ovyo. Binti ana kijiti mkononi, mtu anamtoa kwenye valproeti anamweka kwenye kabamazepini. Kabamazepini inalifanya ini livunje homoni za kijiti haraka, na mimba inaingia kijiti kikiwa mkononi. Fenitoini na fenobabitoni vivyo hivyo. Hapo kitanzi ndicho salama. Valproeti yenyewe haigombani na kijiti.

Lamotrijini nayo ina mtego. Mgonjwa akiwa bado yuko kwenye valproeti, unaanza na miligramu 25 siku moja ndiyo, siku moja hapana, kwa wiki mbili, kisha 25 kila siku wiki mbili nyingine. Ukienda kasi, ngozi inababuka na anaweza kufa. Akiwa kwenye lamotrijini bila valproeti, halafu akaanza vidonge vya majira vyenye estrojeni, lamotrijini inashuka mwilini na degedege linarudi. Watu watasema dawa imeshindwa, kumbe ni vidonge. Hayo yote yaandikwe kwenye kadi.

Mama_Juni

Samahani jamani, mdogo wangu anakunywa hiyo hiyo na ana mimba ya miezi miwili. Nimwambie aache leo?

Tabibu_wa_Wilaya

Hapana dada yangu, asiache. Akikata ghafla anaweza kupata degedege lisilokatika, likamuua yeye na mtoto. Aendelee na dozi yake, na wiki hii hii aende na kadi yake hospitali yenye daktari wa kifafa. Kama kubadilisha au kupunguza kunawezekana, ataamua daktari huyo. Aombe pia ultrasaundi ya wiki 18 hadi 22, waangalie mgongo na moyo.

Mama_Juni

Kadi yake haina chochote kuhusu mimba. Imeandikwa amepewa ushauri.

Nesi_Mkongwe

Haya, kitanzi tunacho. Levetirasetamu je? Haigombani na njia yoyote ya uzazi wa mpango, lakini kwetu mgonjwa anainunua mfukoni, mwezi wa pili anaacha. Na wapo ambao degedege lao limekubali valproeti tu. Hao nao?

Mfamasia_Dirishani

Hao wapo, na wengine watabaki nayo, kwa dozi ndogo kabisa inayozuia degedege, njia ya uhakika ikiwa mwilini. Dozi ikishuka hatari hupungua, haiishi. Lakini sababu ya kubaki nayo iandikwe na binti asaini akiwa ameielewa. Ya bei sina jibu, dada.