Gharama ya hisa za watumishi: tutoe walioondoka tu, au na watakaoondoka?

Mwanafunzi, Mwanjelwa (Mbeya)
Shikamooni wakubwa. Katika swali ninalolifanyia mazoezi, kampuni imewapa mameneja 40 haki ya kununua hisa 1,000 kila mmoja, kwa sharti la kubaki kazini miaka 3. Siku ya kutolewa, kila haki ilithaminiwa shilingi 600. Mwaka wa kwanza waliondoka 2, na uongozi ukakadiria kwamba hadi mwisho wataondoka jumla 6. Mwaka wa pili walioondoka walifika 5, na makadirio yakapanda hadi 9. Mimi nimetumia waliopo, yaani 38 kisha 35, ilhali mwenzangu ametumia 34 kisha 31. Nani amepatia?

Mzee wa Tukuyu
Mwenzako amepatia, ila mwaka wa pili abadilishe na ile 600, kwa kuwa bei ya hisa haikai pale pale.

Mhasibu, Mafinga
Marahaba. Mzee wangu, kwa heshima, bei hupimwa upya pale ambapo kampuni itawalipa watumishi fedha taslimu kwa kufuata bei ya hisa. Hapa watapewa hisa zenyewe, kwa hiyo 600 inabaki ile ile na kinachorekebishwa ni idadi ya watu.

IFRS 2 inataka makadirio ya watakaobaki hadi mwisho. Mwaka wa kwanza ni 34 × 1,000 × 600 × 1/3, sawa na 6,800,000. Mwaka wa pili wengi huteleza kwa kuzidisha 31 kwa theluthi moja, wakapata 6,200,000, na hapo kosa la mwaka uliopita linabaki vitabuni. Tafuta kwanza jumla ya miaka miwili, 31 × 1,000 × 600 × 2/3, ambayo ni 12,400,000, kisha toa 6,800,000. Gharama ya mwaka ni 5,600,000; debiti gharama za watumishi, krediti akiba iliyo ndani ya mtaji.

Njia yako, mwanangu, inaruhusiwa na kanuni za Marekani kwa kampuni inayoichagua, nayo ingetoa 7,600,000 kisha 6,400,000. Tuseme mwishoni wameondoka 7 tu: njia zote mbili zinafika 19,800,000. Zinatofautiana katika faida ya kila mwaka, na ndiyo maana mtahini atakunyima alama.

Dada wa Kihesa (Iringa)
Kwetu miaka 3 iliisha, bei ya hisa ikashuka, na watu hawakununua. Mkurugenzi anataka gharama irudishwe kwenye faida.

Mhasibu, Mafinga
Hairudi, dada. Walishatimiza sharti la kazi. Mnaweza tu kuhamisha kiasi hicho ndani ya mtaji wenyewe.

Mwanafunzi, Mwanjelwa (Mbeya)
Nimeelewa, nitarudia hesabu. Je, meneja aliyehamishiwa kampuni dada kabla ya miaka 3 ahesabiwe ameondoka?

Mzee wa Tukuyu
Ameondoka, hayumo tena kwenye orodha ya mishahara.

Mhasibu, Mafinga
Mimi nisingesema hivyo kabla ya kusoma mkataba: je, sharti linataja kampuni hii peke yake au kundi zima? Tuwekee maneno ya swali kama yalivyo.