Naomba ushauri: derivativu ikigusa sifuri, uthibitisho bado unasimama?

Habari zenu wakuu. Nipo kidato cha sita, na kuna hatua moja inanisumbua.

Kuthibitisha kwamba ln(1+x) > x − x²/2 kwa x > 0, nilichukua tofauti ya pande mbili:

f(x) = ln(1+x) − x + x²/2

Derivativu yake ni 1/(1+x) − 1 + x, ambayo ikirahisishwa inakuwa x²/(1+x). Hiyo ni chanya kwa kila x > 0, kwa hiyo f inapanda. Mwanzoni niliishia hapo nikakatwa alama, na ni haki: fanksheni inaweza kupanda huku bado iko chini ya sifuri. Lazima useme f(0) = 0, ndipo f(x) > 0.

Sasa nimekwama kwa cos x > 1 − x²/2, x > 0. Tofauti ni g(x) = cos x − 1 + x²/2, na g′(x) = x − sin x. Alama yake haionekani moja kwa moja, nikatafuta derivativu tena: g″(x) = 1 − cos x. Hii haiwi hasi kamwe, ila ni sifuri pale x = 2π, 4π na kuendelea.

Je, sifuri hizo za hapa na pale zinaniruhusu kusema g′ inapanda bila kusimama, au nitabaki na ≥ tu? Niandikeje sentensi hiyo ili msahihishaji aikubali?