Wakuu, majaji 11 wakikubaliana, si sababu yao ni moja?

Binti_Ngarenaro: Shikamooni. Nina wasilisho kuhusu hukumu ya Makwanyane, Afrika Kusini, 1995. Majaji wote 11 walifuta adhabu ya kifo. Nilinganishe nini sasa, na wote walisema ndiyo?

Kijenge_Boda: Wauaji wanyongwe tu.

Mama_Kiborloni: Mwanangu, kesi yangu ya shamba Moshi ilikuwa hivyo hivyo. Wazee wawili waliniunga mkono, mmoja kwa sababu ya mpaka, mwingine kwa sababu ya risiti. Wa risiti ndiye aliyenisaidia kwenye rufaa.

Wakili_Njiro: Mama kagusa penyewe. Binti, umeandika nini mpaka sasa?

Binti_Ngarenaro: Kwamba wote 11 walitegemea ubuntu. Mwalimu anayo tayari, nawasilisha Ijumaa. Na neno lenyewe limo kwenye Katiba yao ya 1993, siwezi kubadili slaidi zote.

Wakili_Njiro: Limo, ila toa ubuntu uone kama hukumu inaanguka. Jaji Chaskalson, aliyeandika hukumu kuu, alisimama kwenye kifungu cha 11(2), kinachokataza adhabu ya kikatili. Uhai na heshima ya mtu vilimsaidia kueleza ukatili ni nini. Kisha akasema serikali haikuonyesha kwamba kamba inazuia mauaji kuliko kifungo cha maisha. Kriegler alianzia kifungu cha 9, haki ya kuishi. O'Regan aliona haki zote tatu, uhai, heshima na kutopewa adhabu ya kikatili, zimevunjwa. Waliokaa sana na ubuntu ni kina Mokgoro, Langa na Madala. Soma aya za mwanzo za kila jaji: anaafiki amri na hoja, au amri tu halafu anapita njia yake?

Sakina_1: Porojo. Ya Chaskalson ndiyo hukumu, wengine kelele. Na hapa kwetu Tanzania kesi ya Mbushuu ilishafuta kunyonga.

Wakili_Njiro: Jaji Mwalusanya aliifuta 1994. Mahakama ya Rufani 1995 ikakubali ni ya kikatili, lakini ikaibakiza kwa ibara ya 30(2) ya Katiba yetu, inayoruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma. Huko hoja ya ukatili ni moja, matokeo mawili. Makwanyane ni kinyume chake. Na hizo "kelele" zina kazi. Serikali ikileta sindano isiyouma, aliyesimama kwenye ukatili anaweza kubanwa, ingawa Chaskalson alilalamikia pia bahati nasibu ya nani anyongwe. Aliyesimama kwenye uhai habanwi hata kidogo.

Sakina_1: Hii chai. Mwanafunzi gani anasoma hukumu ndefu vile? Huyu ni mwalimu anatupima.

Binti_Ngarenaro: Mimi sijaisoma yote, dada. Nilisoma muhtasari.

Mama_Kiborloni: Eeh!

Binti_Ngarenaro: Je, nikibadili neno "wote" niweke "baadhi", slaidi zinapona?

Wakili_Njiro: Kichwa cha slaidi kinapona. Ya Kriegler umeifungua?