Mrejesho: Mapambo ya ukumbi wa sendofu kwa bajeti ndogo

Niliuliza: "Ndugu zangu, nitapambaje ukumbi wa sendofu ya mdogo wangu kwa fedha kidogo, bila kumlipa mpambaji?"

Nawashukuru mlionishauri fedha nyingi ziende jukwaani. Ukuta wa nyuma una upana wa mita 6, na kwa kuwa kitambaa kisicho na marinda huonekana kama shuka lililoanikwa, tulihesabu upana huo mara mbili. Shifoni ya krimu yenye upana wa mita 1.5 ikatoa vipande 8, kila kimoja mita 3 na pindo juu. Kijani kilichokolea kilibaki kwenye meza kuu na riboni za viti tu. Tulitangulia kufunga taa za nyuzi za ledi zenye mwanga wa manjano, kwa sababu hazipati joto sana, kisha kitambaa kikaning'inizwa mbele yake. Taa ndefu nyeupe za ukumbi zilipowashwa, krimu iligeuka kijivu, hivyo tukazizima zile za upande wa jukwaa. Kazi hiyo tuliimaliza usiku wa kuamkia sherehe, kwa ridhaa ya meneja (muulizeni kabla ya kulipa kianzio), na maua mabichi yakawekwa saa mbili kabla ya wageni kuingia.